Mjengo wa Juja, mshahara wa Doha: piga hesabu kwa shilingi

Ukitaka kujua ndoto ya Mkenya aliye majuu, uliza picha ya kwanza kwenye simu yake. Mara nyingi ni ploti. Ya pili ni msingi uliochimbwa, na ndugu yake amesimama kando ameshika koleo. Sina neno na ndoto hiyo. Nina neno na hesabu inayoandamana nayo, kwa sababu vijana wengi wanapanga kwa riali na dola ilhali mpangaji wa bedsita atawalipa kwa shilingi.

Chukua huyu jamaa ninayemfahamu, fundi wa stima Doha. Analipwa riali 3,500 kwa mwezi na akibana matumizi anaweka 2,000. Ana ploti Juja aliyoinunua kwa milioni 1.2, na fundi amemwambia bedsita nane zitamgharimu milioni 4.8. Jumla ni milioni 6. Kila keja anataka kuikodisha kwa 7,000, hivyo anaona 56,000 kila mwezi. Kwa bei ya dola ya shilingi 129, hizo ni karibu riali 1,580. Anasema pesa zake zitarudi ndani ya miaka tisa, na wakati huo anapokea karibu nusu ya mshahara akiwa amelala.

Shida ni kwamba 56,000 ni kodi ya nyumba nane zilizojaa mwaka mzima, na Juja haiko hivyo. Huo ni mji wa wanafunzi. Chuo kikifunga kwa likizo ndefu, wengine hurudisha funguo kabisa. Tumpe miezi kumi na moja, ambayo mimi naona ni ukarimu, na mapato ya mwaka yanakuwa 616,000. Kwa kuwa yeye hayupo, lazima awe na ajenti au keateka wa kukusanya kodi, na asilimia 8 ni kama 49,000. Kisha kuna rangi kila mpangaji anapohama, mabomba, lori la kunyonya choo na ada za kaunti. Ukitenga 60,000 hujazidisha. Serikali nayo inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, na haikuulizi ulitumia ngapi kurekebisha bomba. Hiyo ni 46,000 na ushee. Kinachobaki ni takriban 460,000 kwa mwaka, au 38,000 kwa mwezi. Miaka tisa imegeuka kumi na mitatu.

Hiyo asilimia 7.5 ina mtego ambao wengi majuu hawaujui. Ni ya mkazi wa Kenya kwa macho ya sheria ya ushuru. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya kodi yote, ambayo kwa jamaa huyu ni karibu 185,000 kwa mwaka. Je, yeye ni mkazi? Sheria inasema ukiwa na makao ya kudumu Kenya, na ukawa nchini kwa muda wowote katika mwaka huo, wewe ni mkazi. Bila makao hayo, inahesabu siku: 183 au zaidi ndani ya mwaka, au wastani wa zaidi ya 122 ukijumlisha na miaka miwili iliyotangulia. Kwa hivyo ile likizo ya Desemba anayoiahirisha ili asilipe tiketi inaweza kumtoa kwenye asilimia 7.5. Tiketi ni rahisi kuliko hiyo tofauti ya 138,000. Atunze pasi yake yenye mihuri.

Sasa tuje kwenye pesa yenyewe. Riali ya Qatar imefungwa kwa dola, 3.64 kwa dola moja, na haijasogea kwa miaka mingi. Shilingi yetu inasogea. Mwanzoni mwa 2020 dola ilikuwa kama shilingi 100. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha kufikia katikati ya mwaka huo ikashuka hadi karibu 129. Ile 38,000 ya kila mwezi ni riali 1,380 kwa bei ya 2020, riali 865 kwa bei ya Januari 2024, na 1,070 kwa bei ya 129. Mpangaji ni yuleyule na kodi hajachelewesha. Na usiniambie utapandisha kodi kwa sababu dola imepanda. Mwanafunzi hajui bei ya dola, anajua tu kwamba jirani bado anatoza 7,000.

Lakini shilingi dhaifu si adui kila wakati. Ukiwa bado unajenga, inakufaa. Riali 2,000 zilizotumwa Januari 2024 zilikuwa karibu shilingi 88,000, na kwa bei ya 129 ni 71,000. Fundi, mchanga na mawe vinalipwa kwa shilingi, basi aliyekuwa na akiba yake kwa riali wakati huo alijenga kwa bei nafuu. Ni siku ya kupokea kodi ndipo upepo unageuka, na hata hapo unakuumiza tu ikiwa unataka pesa hizo zivuke kwenda Doha. Akirudi nyumbani kuishi, unga na karo ni vya shilingi, na kodi ya shilingi inamtosha vizuri.

Ndiyo maana sehemu ya mpango wake inayonitisha ni moja tu, mkopo. Ana akiba ya milioni 1.5, na anataka kukopa riali 60,000 kwenye benki ya huko ili mjengo uende haraka. Kwa miaka minne, malipo yatakuwa kama riali 1,400 kwa mwezi, na anasema keja zitajilipia. Hazitajilipia. Hata zikiwa zote nane zimekwisha, riali 1,070 haifiki 1,400, na shilingi ikirudi 160 pengo linakuwa zaidi ya riali 500. Mshahara utaziba, sawa, ila kandarasi ikikatika hakuna mshahara, na deni la benki Ghuba linaweza kumzuia mtu kupanda ndege. Atakuwa Doha bila kazi, akisubiri kodi ya Juja imtoe.

Mimi ningemwambia ajenge nne kwanza. Fundi akimpa bei ya milioni 2.5 kwa nne za mwanzo, pamoja na shimo la maji taka la kutosha nyumba zote nane, amepungukiwa milioni moja tu. Kwa kuweka 71,000 kila mwezi, ni miezi kumi na minne. Ni polepole, na marafiki watamcheka kwenye kundi la WhatsApp. Lakini baada ya hapo atajua kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kumwambia: hizo keja zinakaa tupu miezi mingapi kwa kweli, na keateka anarudisha ngapi.

Kodi ya nne hizo, kama 19,000 baada ya kila kitu, isiende Doha hata siku moja. Ikae kwenye akaunti ya shilingi hapa, inunue saruji na mabati ya nne zinazofuata. Ikiongezwa kwa ile 71,000 anakuwa na 90,000 kwa mwezi, na milioni 2.3 zilizobaki atazimaliza kwa takriban miezi ishirini na sita, bila benki kumpigia simu.