Barua ya Mkopo Iseme Miezi Isiyo na Maziwa

Kijana wa Sosiot anayeiandikia benki kuomba mkopo wa mitamba wenye mimba ana wajibu mmoja unaotangulia mengine yote: kueleza atalipa kwa fedha gani wakati ng'ombe hakamwi. Barua isiyojibu swali hilo haistahili sahihi ya meneja, hata iwe imeandikwa kwa mwandiko mzuri namna gani.

Tuchukue mfano. Kijana anaomba shilingi 300,000 za kuongezea akiba yake anunue mitamba wawili. Tuseme riba ni asilimia 14 kwa mwaka na muda ni miezi 36. Kila mwezi atadaiwa takriban shilingi 10,250. Katika barua anaandika kwamba kila ng'ombe atatoa lita 15 kwa siku na ushirika utanunua kwa shilingi 45, hivyo atapata shilingi 40,500 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo deni linaonekana jepesi.

Hesabu hiyo si ya kweli. Siku za mwanzo baada ya kuzaa, dang'a ni ya ndama na haiuzwi. Mtamba anayezaa mara ya kwanza hatoi maziwa kama ng'ombe mkomavu, basi tumpe lita 12. Kila ndama anywe lita 4 kwa siku hadi aachishwe akiwa na miezi mitatu hivi, na nyumbani zibaki lita 2. Zinazofika kwa ushirika ni lita 14, yaani shilingi 18,900 kwa mwezi. Chakula cha dukani, kilo 4 kwa kila ng'ombe kwa bei ya shilingi 45, kinakula 10,800. Dawa ya kupe, chumvi na bima tuziwekee 2,000. Mkononi zinabaki 6,100, na benki inangoja 10,250. Ndama wakishaachishwa hali inakuwa afadhali, kwani zinabaki karibu 16,900. Lakini mwaka haujaisha: ng'ombe lazima akaushwe kwa siku 60 kabla ya kuzaa tena, na siku hizo anakula bila kuleta senti.

Ndiyo maana tunasema mitamba wawili wasinunuliwe wakiwa na mimba za umri mmoja. Mmoja awe na mimba ya miezi saba, mwingine ya miezi minne. Wa kwanza atazaa baada ya miezi miwili hivi, wa pili baada ya mitano, na hawatakauka pamoja. Daktari wa mifugo awapime kabla fedha haijatoka mfukoni, kwa kuwa neno la muuzaji si ushahidi wa mimba. Aulize pia kuhusu chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe ambao unaweza kumuua mtamba mgeni huku deni likiwa bado changa.

Baada ya kuzaa, saa inaanza kuhesabu. Mimba hukaa miezi tisa na siku chache, hivyo ng'ombe asiyeshika mimba katika miezi mitatu hatazaa kila mwaka. Tarehe ya kupandishwa iandikwe, na siku 21 baadaye aangaliwe kama joto limerudi. Mfugaji asiye na daftari hilo hawezi kuiambia benki mwezi gani atakuwa hana maziwa.

Tungependa kusoma barua yenye maneno kama haya: “Naomba nilipe riba pekee hadi ng'ombe wa kwanza aanze kuuza maziwa. Ushirika ukate malipo kabla ya kunilipa. Mwezi ambao ng'ombe mmoja amekauka, upungufu utatoka kwenye malipo ya majani ya chai ya mama yangu, naye ametia sahihi kukubali.” Bonasi ya chai isiwekwe humo kama nguzo. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wanajua jinsi ilivyokuwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki.

Benki nayo ina wajibu. Kudai hati ya shamba la baba kutoka kwa kijana asiye na ardhi ni njia rahisi, lakini si njia pekee. Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 inaruhusu mifugo kuwa dhamana. Afisa wa mikopo afike bomani, aone nyasi ya napia na maji kabla ya kuona ng'ombe, kisha apange marejesho yafuate uzazi badala ya kalenda ya mshahara. Benki inayodai kiasi kilekile katika mwezi wa ukavu inamlazimisha mkopaji kuuza ndama jike ambaye angekuwa ng'ombe wake wa tatu. Tunazitaka benki za Kericho na Bomet zirekebishe ratiba hizo, na tunawataka vijana wasitie sahihi mkataba wowote usiotaja mwezi wa kukausha.