Kabla waniongezee dozi, waniulize kwanza nakunywa chai saa ngapi

Wacha niseme mapema: mimi si daktari. Mimi ni msichana wa Kayole ambaye thairoidi yake imechoka kazi, na nameza levothairoksini kila siku. Kama wewe pia uko nayo, ama mathe wako ameificha pale juu ya kabati, soma hii mpaka mwisho. Kuna kitu ilinisumbua karibu mwaka mzima na ingemalizwa na swali moja.

Nilianza na dozi ya maikrogramu 75. Wakati huo nilikuwa na kazi ya ofisi. Naamka saa kumi na mbili, nameza na maji, naoga, navaa, na chai nakunywa saa moja na kitu. Kipimo cha TSH kilikuwa 2.4. Kwa wale hawajui, TSH ni homoni ambayo ubongo unatuma kuamsha thairoidi. Ikipanda sana, maana yake homoni ya thairoidi mwilini ni kidogo na ubongo umeanza kupiga kelele. Maabara nyingi husema kati ya 0.4 na 4 uko sawa, kwa hivyo mimi nilikuwa poa.

Halafu kazi ikaisha, nikaingia Gikomba kuuza mitumba. Si unajua venye Gikomba iko. Ukitaka kamera lazima ufike mabelo yakifunguliwa, kabla watu wengine hawajachagua. Nikawa naamka saa kumi na robo. Saa kumi na nusu niko jikoni, kikombe cha chai ya maziwa mkono mmoja, kidonge mkono ule mwingine. Namezea hapo hapo na chai, natoka mbio nipate matatu.

Miezi michache baadaye nikaanza kulala kila mahali. Baridi haiishi, nywele zinatoka kwa kitana, uso umefura. Nikaenda kliniki, TSH imefika 9.8. Daktari akaangalia karatasi, akaandika 100 badala ya 75, nikatoka. Hakuna mtu aliniuliza naimeza na nini. Na mimi sikusema, juu sikujua ni kitu ya kusema.

Kumbe shida haikuwa dozi. Ilikuwa kikombe.

Hii dawa huyeyukia tumboni na kuingia kwa damu kupitia utumbo mdogo. Hata tumbo likiwa tupu haiingii yote, ni kama asilimia 60 hadi 80. Sasa fikiria ukubwa wake: maikrogramu 75 ni miligramu 0.075 peke yake. Kikombe kikubwa cha chai, nusu maji nusu maziwa, kinaweza kuwa na kalsiamu miligramu 150 hivi. Hiyo ni mara 2,000 ya dawa yako. Kalsiamu inashika levothairoksini, zinatembea pamoja mpaka chooni. Vidonge vya kalsiamu hufanya hivyo, vya madini ya chuma pia, na hata zile dawa za kutafuna za kiungulia. Hizo zote zinatakiwa kukaa mbali na hii dawa kwa saa nne.

Kahawa ya turungi pia haijaokoka, hata kama haina tone la maziwa. Mwaka 2008 watafiti wa Italia waliandika kuhusu wagonjwa ambao vipimo vyao vilikuwa vinakataa kushuka, na kumbe walikuwa wanamezea dawa na espreso, ama kuinywa papo hapo baadaye. Walipongoja kwanza, mambo yakabadilika. Kwa hivyo: maji matupu, halafu ngoja nusu saa, na ikiwezekana saa nzima, ndio ule ama unywe kitu kingine.

Sasa rudi kwa hadithi yangu, juu hapa ndipo inakuwa hatari. Na ile 100 niliendelea kumezea chai, na nikapata nafuu. Daktari akafurahi, mimi nikafurahi. Ikafika Januari, watu hawana pesa, biashara imelala, nikakaa nyumbani. Nameza saa kumi na mbili na maji, narudi kulala, chai ni saa mbili. Baada ya wiki kadhaa moyo unadunda nikiwa nimekaa tu, mikono inatetemeka, usingizi hakuna. Nilidhani ni stresi ya kodi. TSH ikasoma 0.2.

Kidonge kilikuwa kile kile, lakini mwili sasa ulikuwa unapata nyingi zaidi. Ile nyongeza niliyopewa kwa sababu ya chai ikageuka kuwa nyingi kupita kiasi. Mfamasia mmoja wa mtaani ndiye aliniuliza, "Dadangu, hii unaimeza saa ngapi, na na nini?" Swali la sekunde tano. Nikarudi kwa daktari na hilo jibu, akanirudisha 75.

Lakini Gikomba bado iko, na saa kumi usiku siwezi kukaa saa nzima nikiangalia kikombe. Kwa hivyo tulihamisha dawa usiku. Nakula saa moja na nusu, sigusi kitu tena isipokuwa maji, na saa nne na nusu nameza nikienda kulala. Saa tatu baada ya chakula, tumbo liko tupu. Si uganga. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kumeza usiku kunafanya kazi vizuri, tena viwango vya homoni vilikuwa bora kuliko asubuhi. Baada ya wiki nane TSH yangu ilikuwa 2.1.

Kwa nini kungoja wiki nane? Dawa hii inakaa mwilini polepole, nusu yake huchukua kama siku saba kuisha. Ukikosea siku moja hutaanguka. Ila pia ukibadilisha kitu leo, kipimo cha wiki ijayo hakitakuambia ukweli. Ngoja wiki sita hadi nane ndio upime.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Ile bahasha ya dawa imeandikwa "1×1 asubuhi" imeandikiwa mtu wa ofisi. Hapa kwetu asubuhi ni ya aina nyingi. Askari wa usiku wa Donholm anafika nyumbani jua likiwaka. Jirani yangu wa Majengo akifunga Ramadhani, asubuhi yake haina hata maji, kwa hivyo yeye hupanga na daktari ameze akienda kulala, saa tatu baada ya kufuturu na kula. Fuata tumbo, usifuate jogoo. Chagua saa ambayo tumbo lako liko tupu karibu kila siku, halafu ushikilie hiyo.

Na ukibadilisha kazi, shifti, mfungo, ama ukianza vidonge vya chuma, sema kliniki kabla hawajakupima. Usijiongezee wala kujipunguzia dozi mwenyewe. Lakini wakisema wanakuongezea, usitoke hapo kabla hujawaambia unakunywa chai saa ngapi.