Nani kasema uandike bure?

Juzi nilikaa viti vya nyuma kwenye semina ya waandishi chipukizi. Mtoa mada akapanda jukwaani na kuuanza ule wimbo tunaoujua sote: "Wewe bado huna jina. Andika bure kwanza, hata mwaka mzima, watu wakujue. Hela zitakuja zenyewe." Ukumbi ukapiga makofi. Bwana yule alikuwa amelipiwa nauli, chumba cha hoteli na posho ili aje kuwaambia watoto wa watu wafanye kazi bila malipo, na wala hakuona haya. Baada ya hapo tukagawiwa vyeti, maana siku hizi huwezi kukaa kwenye kiti cha plastiki saa tatu bila kupewa cheti.

Mimi kazi yangu ni kuhariri. Barua pepe za waandishi wapya zinanifikia kila wiki, na nyingi zinaanza kwa orodha ya mahali mwandishi alikoandika bure. Sijui nani aliwaambia kwamba naisoma orodha hiyo. Mhariri ananunua makala, na kitu pekee kinachomwambia kama unaweza kuandika makala ni makala. Ilichapishwa wapi, nani aliiagiza, walilipa au hawakulipa, hayo yote yanakuja baadaye sana, na mara nyingi hayaji kabisa.

Fundi cherehani anayefungua kibanda chake leo hangoji mteja wa kwanza ndipo awe na cha kuonyesha. Ananunua kitambaa, anashona gauni moja safi, analitundika mlangoni. Hakuna apitaye na kuuliza, "Hili ulimshonea nani?" Wanatazama mshono. Kwa nini basi mwandishi wa blogu aambiwe akamshonee mwenye duka bure mwaka mzima, tena gauni lenyewe abaki nalo mwenye duka?

Na kweli anabaki nalo. Binti mmoja niliyemfahamu aliandikia tovuti fulani bure kwa muda mrefu. Wakamwahidi "kujulikana." Makala zake zikatoka kwa jina la "Mwandishi Wetu," vichwa vikabadilishwa, aya zikakatwa katikati, na siku mwenye tovuti alipoacha kulipia anuani yake, kila kitu kikatoweka. Alipokuja kwangu alikuwa na linki zinazofunguka kwenye ukurasa mtupu. Hakuwa amehifadhi nakala hata moja ya PDF, wala hakuwahi kuziingiza kwenye web.archive.org, ambako angalau kivuli chake kingebaki. Ndiko kujulikana huko.

Sasa nieleze kinachofaa, kwa mfano mmoja, maana semina zile hazifiki huku kamwe. Tuseme kijana amekulia Kibaigwa, pale Dodoma, kwenye lile soko kubwa la mahindi. Hajachapishwa popote na hana mteja. Anachokijua ni mahindi, kuanzia yanavyokaushwa na yanavyooza hadi jinsi mlanguzi anavyoyauma kwa jino kabla ya kutaja bei. Wauza pembejeo, kampuni za mifuko ya kuhifadhia nafaka, mashirika ya kilimo na majarida ya wakulima wote wanahitaji makala za namna hiyo, na wengi wao wanaandikiwa na watu wasiojua gunia linashonwaje.

Kijana huyu aandike makala tatu tu, zote za uhifadhi wa nafaka. Tatu zinatosha kwa sababu mhariri akifika ya pili ameshaamua. Ziwe za fani moja kwa sababu sampuli moja ya mapishi, moja ya mpira na moja ya mapenzi zinaniambia kwamba mwandishi hajui anachokitafuta, na mimi sina muda wa kumtafutia.

Ya kwanza isiitwe "Umuhimu wa kuhifadhi mahindi." Ningefuta barua pepe hapo hapo. Iulize swali ambalo mkulima analiuliza kweli: kwa nini mahindi yameoza ndani ya mfuko mzuri niliouziwa kwa bei kubwa? Wengi wanaijua mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Ukiifunga vizuri, wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo na kufa, hata dumuzi, yule mdudu aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye wakulima wengine humwita Scania. Lakini mfuko unaozuia hewa kuingia unazuia pia unyevu kutoka. Mahindi yakifungwa mabichi, yanaota ukungu humo humo, na mkulima anamlaumu muuza mifuko.

Hapo msomaji anataka kujua atayatambuaje mahindi makavu bila kipimo. Mwandishi amweleze jaribio la chumvi: chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, chumvi kavu kidogo, mahindi hadi kama theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Maelezo hayo hata mtu wa mjini anaweza kuyanakili mahali. Anayejua kazi ataongeza kwamba jaribio hili lina mpaka wake. Linaonyesha tu kwamba unyevu umepita takriban asilimia 15, wakati mahindi ya kuweka muda mrefu yanatakiwa yashuke hadi karibu asilimia 13.5. Kwa hiyo chumvi isipoganda bado usikimbilie kufunga, anika tena. Sentensi mbili hizo ndizo zinazonifanya niinue simu. Mwandishi aliyenionyesha mpaka wa jaribio lake hatanichapishia uongo.

Halafu aende sokoni azungumze na mtu. Mama mmoja anayenunua kwa debe, aeleze anavyoingiza mkono ndani ya gunia na kusikia joto, akajua mzigo umefungwa mbichi. Kijana aombe ruhusa ya kumnukuu, aandike maneno ya mama huyo kama alivyoyasema. Maneno 800 hadi 1,000 yanatosha, kichwa, jina lake na tarehe vikae juu. Makala ya pili imgeukie mlanguzi, ya tatu imgeukie mama wa nyumbani mwenye magunia mawili ya chakula cha mwaka, ili nione kama anajua kubadilisha sauti kwa msomaji mwingine huku mahindi yakiwa yale yale.

Najua kuna wanaosema, "Lakini mzee, makala isiyochapishwa si makala, hakuna mhariri aliyeipitia." Jamani! Mmeziona tovuti hizo zinazochapisha bure? Kuna moja ilimwita waziri mmoja kwa majina mawili tofauti katika aya moja. Kama huo ndio muhuri wa ubora, mpe makala yako shangazi yako mwalimu aisome. Atakupatia makosa mengi kuliko wao.

Jambo moja tu sampuli hairuhusiwi kulifanya, nalo ni kudanganya. Usibandike nembo ya kampuni ambayo haijakuajiri ili ionekane umewaandikia. Andika juu yake "Sampuli" na usione aibu. Na ukishaanza kuandika kwa jina la mtu mwingine, makala zile ni zake. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuzionyesha.

Mnauliza blogu ya kuziwekea iko wapi? Hiyo nayo ni imani nyingine iliyowapotezea vijana muda, wanahangaika wiki nzima kuchagua rangi za ukurasa. Hapa Tanzania tuna sababu ya ziada ya kutoikimbilia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 ya maombi na shilingi milioni moja ya leseni, na Juni mwaka ule watu walizima blogu zao kwa hofu, JamiiForums nayo ikafunga milango kwa muda. Milioni moja, kwa mtu anayeandika hadithi za bibi yake! Kanuni zimefanyiwa marekebisho tangu hapo, na anayetaka kurusha habari aangalie TCRA wanasemaje kabla hajaanza. Lakini wewe unayetafuta kazi huhitaji blogu. Huhitaji hata msomaji wa umma. Unahitaji mtu mmoja mwenye bajeti afungue makala tatu.

Google Docs inatosha, makala moja kwa faili moja. Na hapa ndipo wengi wanapoangukia pua. Nabonyeza linki, naletewa ukurasa wa "Request access." Siombi ruhusa ya kusoma maombi ya kazi ya mtu, nafunga. Kwenye kitufe cha "Share" weka "Anyone with the link," na pembeni yake "Viewer," kisha ifungue linki hiyo kwenye dirisha la faragha au kwenye simu ya jirani ambayo haina akaunti yako. Ikifunguka huko, itafunguka kwangu. Ukiweka "Editor," nitaweza kufuta maneno ya makala yako, na mtu mwingine atayafuta kweli.

Barua yenyewe iwe fupi: "Habari za kazi. Nimekulia Kibaigwa, naandika kuhusu uhifadhi wa nafaka. Ukurasa wenu unaeleza mifuko vizuri, ila haumwambii mkulima atajuaje kuwa mahindi yamekauka kiasi cha kufungwa. Nimeandika makala inayojibu swali hilo, hii hapa. Nyingine mbili ziko chini yake. Ningependa kuwaandikia mfululizo wa namna hii kabla ya mavuno." Basi. Hakuna "nina ari kubwa," hakuna "nipo tayari kujifunza," hakuna kiambatisho cha vyeti vya semina. Kimya kikifika wiki mbili, kumbushia mara moja, kisha mtumie mwingine mwenye bidhaa hiyo hiyo. Makala zako hazijaliwa na mtu, bado unazo zote tatu.

Wapo watakaokujibu vizuri, wakusifie, halafu waseme: "Tuandikie moja ya majaribio, bila malipo, tuone." Hawa ndio watoto wa yule mtoa mada. Majaribio wameshayaona, yako kwenye linki waliyoifungua. Wajibu kwa adabu: "Asante kwa kusoma. Sampuli tatu mlizonazo ndizo majaribio yangu. Makala mpya nitaiandika kwa bei hii, nusu ikilipwa kabla sijaanza."