Aibu ya Pikipiki Itajwe Kabla ya Bei



Safari zetu za darasa hutufikisha mara kwa mara Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Safari ya mwisho alitujia mama mmoja aliyekuwa akiiuza pikipiki ya mwanawe, kwa kuwa kijana amepata nafasi chuoni Mombasa na karo inadaiwa. Pikipiki yenyewe ni Boksa ya sisi 150, iliyosajiliwa mwaka 2020, na imefanya kazi ya bodaboda miaka yote hiyo. Mama alitaka tumwandikie tangazo, lakini alikuwa na jambo linalomkera moyoni.

"Shekhe," alituambia, "asubuhi ikiwashwa hutoa moshi. Mwana wa ndugu yangu asema tutie oili nzito, tuitie moto injini kabla mnunuzi hajafika, na moshi hautaonekana. Nami hizo pesa nazihitaji."

Shauri alilopewa lina ukweli wake. Oili nzito hupita kwa shida penye nafasi iliyolika, kwa hiyo moshi hupungua kwa muda. Injini iliyokwisha kupata moto nayo huwaka upesi, na kile kiasi cha oili kilichochuruzika ndani usiku kucha huwa kimekwisha kuungua. Mnunuzi hataona kitu siku ile. Ataona siku ya pili, alfajiri, akiwa peke yake uani kwake.

Hii ndiyo ghashi tuliyosomeshwa madrasani, nayo haimhusu muuza nafaka peke yake anayefunika zilizolowa kwa zilizo kavu. Mafakihi wameweka khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro ya zamani inayopunguza thamani, naye hakuijua wakati wa kununua, ana haki ya kukirudisha kitu. Wala maneno "nauza kama ilivyo" hayamwokoi muuzaji anayeijua kasoro akainyamazia. Tulimwambia mama kuwa aibu iliyotajwa hupunguza bei mara moja ikaisha, na aibu iliyofichwa hubaki kuwa deni.

Basi kabla ya kuandika neno lolote tulimwita fundi, tukaiacha injini ipoe usiku mzima. Asubuhi ilipowashwa, moshi wa buluu ulitoka muda mfupi kisha ukakatika, na fundi alipoipandisha kasi haukurudi. Alitueleza kuwa dalili hiyo huelekea kwenye sili za vali, ambazo matengenezo yake ni madogo. Moshi unaoendelea kila injini inapovuta mzigo ndio huelekea kwenye ringi za pistoni, na hiyo ni gharama ya kuifungua injini.

Kisha alishika cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa akaivuta. Cheni ikanyanyuka hata nusu ya jino ikaonekana, na meno yenyewe yalikuwa yamepinda kama ndoana. Cheni na sproketi zake zimekwisha. Tairi la nyuma nalo limebaki upara. Mwisho alionyesha mahali palipochomelewa chini ya keria, kwa sababu ya madumu ya maji yaliyobebwa wakati wa kiangazi. Fremu kuu haikuwa na ufa.

Bei tuliijenga juu ya hayo. Pikipiki za umri huo zilizo nzima zilikuwa zikitajwa pale kwa shilingi 80,000. Fundi alikadiria sili na kazi yake shilingi 3,500, cheni na sproketi 2,500, na tairi 3,000. Jumla ni 9,000, na ikitolewa hubaki 71,000. Tangazo likaandikwa hivi:

"Inauzwa: Boksa ya sisi 150, ya mwaka 2020, ilikuwa bodaboda. Mita yasoma kilomita 61,400. Ikiwa baridi hutoa moshi wa buluu kwa muda mfupi; fundi asema ni sili za vali. Cheni, sproketi na tairi la nyuma ni za kubadilishwa. Keria imechomelewa, fremu haina ufa. Breki na taa ni nzima. Logibuku ipo kwa jina la muuzaji, haina mkopo. Bei shilingi 71,000. Gharama za matengenezo zimekwisha kutolewa. Waweza kuja na fundi wako. Tutakutana Kibwezi mjini, mchana."

Msomaji ataona kuwa tangazo halikutaja nyumba, wala halikutiwa picha ya logibuku au ya kitambulisho. Picha hizo zikizagaa, mwingine huweza kuzitumia kujifanya ndiye mwenye mali.

Mnunuzi alitokea Mutomo, upande wa Kitui, kwa ile barabara ya lami inayoungana na Kibwezi. Alisema alikuja kwa sababu ya ule moshi uliotajwa, maana matangazo mengine yote aliyoyaona yalisema "haina shida yoyote". Walikutana saa nne asubuhi kwenye kituo cha mafuta chenye watu, na mama alifuatana na ndugu yake. Injini iliachwa baridi kusudi, ili mgeni auone moshi kwa macho yake.

Alipotaka kuijaribu, fedha zake zilibaki mkononi mwa mwenzake aliyefuatana naye, na mwenzake akabaki pale na mama. Kwani wapo waombao kujaribu wasirudi. Asiyekuja na mwenziwe wala dhamana, na ajaribiwe akiwa amepakiwa nyuma na mtu wa muuzaji.

Waliposomeana namba ya fremu iliyopigwa shingoni mwa usukani, na namba ya injini iliyo ubavuni mwake, zote zililingana na logibuku. Mnunuzi akaomba 2,000 zipunguzwe kwa ajili ya keria, mama akaridhia, wakapatana 69,000.

Fedha zilitumwa kwa M-Pesa. Hapa ndipo wengi wa kina mama huibiwa, kwa kuonyeshwa ujumbe wa uongo uliotumwa kutoka namba ya mtu wa kawaida. Mama hakuutegemea ujumbe. Alibonyeza *334# kwenye simu yake mwenyewe akatazama salio, kisha ndipo ufunguo ukatoka mkononi.

Mapatano yaliandikwa nakala mbili: majina, namba za vitambulisho, namba za fremu na injini, bei, kasoro zote zilizotajwa, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina maana yake. Pikipiki ikifanya ajali au uhalifu alasiri ile, karatasi itaonyesha ilikuwa mikononi mwa nani. Palepale kijana, ambaye jina lake limo katika logibuku, alianzisha uhamisho katika akaunti yake ya NTSA kwenye eCitizen, na mnunuzi akaukubali kwenye yake. Maadamu uhamisho haujakamilika, serikali humjua mwenye jina la zamani, na humtafuta yeye.

Mama alipata pungufu ya shilingi 11,000 kuliko bei ya pikipiki nzima, kwa kuwa pikipiki yake haikuwa nzima. Siku ya tatu simu ya Mutomo ililia, akashituka. Mnunuzi alikuwa akiuliza tu jina la yule fundi wa Kibwezi, ili amtengenezee zile sili.

Wabillahi tawfiq.