Wasifu wa Lissu: Bulyanhulu ndipo pagumu

Anayetaka kuandika wasifu wa Tundu Lissu hawezi kuiruka Bulyanhulu, mkoani Shinyanga. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa hapo kwa nguvu kupisha mgodi. Baadaye Lissu, akiwa mwanasheria wa LEAT, alishikilia kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa hai kwenye maduara. Serikali na kampuni zikakana. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia, CAO, ilisema haikupata ushahidi wa vifo hivyo. LEAT wakaikataa ripoti.

Mwandishi afanyeje? Akiandika "walifukiwa", amehukumu. Akiandika "Lissu alizusha", naye amehukumu. Cha haki ni kusema nani alidai nini, lini, na alijuaje.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa shahidi liwe: "Ulimwona akiingia duarani, au uliambiwa?" Wengi watasema waliambiwa. Si uongo, ila huo si ushuhuda wa macho, na kitabu kiseme hivyo. Kila jina la anayedaiwa kufa lifuatiliwe kwa ndugu zake: wachimbaji huhama, na aliyepotea Kakola huenda alihamia Geita.

Ndugu naye aelezwe mapema kwamba maneno yake yatachapishwa. Anaweza kukubali kuongea, akakataa jina lake litajwe.

Lissu mwenyewe yuko hai, basi asomewe nukuu zake na apewe nafasi ya kujibu ripoti ya CAO. Kufuta maneno ya wanaompinga, hapana.