Mtoto Ana Homa na Koo Linamuuma

Je, tumpe mitishamba au tumpeleke zahanati? Wasikilize majirani wawili wa Mgeta, katika milima ya Uluguru.

Mama Pili: Hodi, jirani! Mwanangu ana homa tangu jana. Hata uji anaukataa, anasema koo linamchoma. Nataka kumchemshia mwarobaini niliotoka nao Morogoro.

Mama Asha: Pole, dada. Je, anakohoa? Ana mafua?

Mama Pili: Hapana.

Mama Asha: Lete tochi. Haya Pili, panua mdomo. Tazama, mafindofindo yamevimba, tena yana madoa meupe. Nikimgusa chini ya taya analia.

Mama Pili: Basi ni kimio. Nitampeleka kwa mzee akikate.

Mama Asha: Usithubutu! Kimio siyo kinacholeta homa. Kukikata kunaweza kumtoa damu nyingi au kumletea pepopunda.

Mama Pili: Lakini leo ni siku ya soko. Kabichi zangu zitanyauka. Mwaka jana majani si yalimponya?

Mama Asha: Mwaka jana alikuwa na mafua na kikohozi. Koo la namna hiyo mara nyingi hupona lenyewe. Hili la leo huenda lina vijidudu vinavyotaka penisilini. Visipouawa, baada ya wiki mbili au tatu watoto wengine huvimba viungo, na moyo huharibika. Koo litapona, lakini moyo huenda usirudi kama zamani.

Mama Pili: Loo! Sikujua.

Mama Asha: Tena mlilala Morogoro wiki mbili zilizopita. Huko mbu ni wengi kuliko huku kwenye baridi. Huenda ana malaria pia. Kwa macho hatuwezi kujua. Zahanati watamtoboa kidole na kupima damu. Nenda, kabichi nitakuuzia mimi.

Ndugu msomaji, mimi naona Mama Asha amesema kweli. Sisemi tutupe kila kitu cha nyumbani. Maji ya uvuguvugu yenye ndimu humtuliza mtoto wa umri wa Pili, ambaye ana miaka 6. Lakini kutuliza siyo kuponya.

Mganga wa zahanati akiona ni vijidudu hivyo, atampiga sindano moja ya penisilini au atampa vidonge vya siku 10. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Siku ya tatu homa imeshuka, mtoto anacheza, nao wanaweka vidonge vilivyobaki. Vijidudu vilivyobaki bado vinaweza kudhuru moyo. Vidonge vimalizwe vyote.

Mtoto akishindwa kumeza hata mate, akipumua kwa shida au akipata degedege, msingoje kukuche. Mpelekeni saa ile ile.

Maswali
1. Mama Asha aliona dalili gani kooni?
2. Kwa nini vidonge vimalizwe ingawa homa imeshuka?