Anayekata "Au" Ametunga Sheria Mpya

Mwishoni mwa kiangazi nilikwenda Mtera kumjulia hali mjomba wangu, ambaye ameishi kandokando ya bwawa tangu ujana wake. Nilipokwisha kumwamkia alinishika mkono, akanipeleka hadi kwenye mbuyu ambao watu hubandikia matangazo. Palikuwa na karatasi moja, imeandikwa kwa herufi kubwa: "NI MARUFUKU KUFANYA SHUGHULI YOYOTE NDANI YA MITA 60 KUTOKA BWAWANI. SHERIA YA MAZINGIRA 2004."

"Mwanangu, wewe umesoma," akaniambia. "Sasa ng'ombe anywe wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Jirani yake alikwisha kutozwa faini kwa kuanika nyavu ufukoni asubuhi moja. Nyavu ile haikuwa na nguzo wala kibanda, na jioni ingeondolewa. Aliyemtoza alimwonyesha karatasi ileile ya mbuyuni, naye akalipa, kwa sababu karatasi ilisema "yoyote", na kuanika nyavu ni shughuli.

Niliporudi mjini niliifungua sheria yenyewe. Kifungu kinachosemwa ni cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sitakinukuu neno kwa neno, ila nitaeleza kinachobeba. Kinakataza, ndani ya mita 60, shughuli za kibinadamu ambazo ama ni za kudumu, ama kwa asili yake zinaelekea kuhatarisha hifadhi ya fukwe za bahari na za maziwa ya asili, kingo za mito, na mabwawa ya maji. Kisha kifungu kidogo kinachofuata kinampa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya namna ya kuendesha shughuli za binadamu katika maeneo hayohayo.

Linganisha sasa na karatasi ya mbuyuni. Mwandishi wake hakuongeza uongo hata neno moja. Marufuku imo kweli katika sheria, mita 60 zimo, na mwaka ni huohuo. Alichofanya ni kukata tu, na alichokikata ni masharti mawili: "za kudumu" na "zinazoelekea kuhatarisha". Labda aliyaona kuwa mapambo ya wanasheria. Lakini masharti hayo ndiyo yaliyokuwa yamebeba ruhusa. Sheria kamili inamwambia mjomba: ng'ombe wako anaweza kunywa, mradi hujajenga zizi ukingoni na kundi lako halibomoi ukingo. Karatasi inamwambia: hawezi. Juu ya jambo lilelile, mahali palepale, jibu limegeuka kutoka ndiyo kuwa hapana.

Na kipo kipimo kinachomuumbua mkataji. Chukua karatasi yake, kisha usome kile kifungu kidogo cha miongozo. Ikiwa kila shughuli ni marufuku, Waziri atatoa mwongozo wa kuendesha nini? Sheria haiwezi kukataza kila kitu katika sentensi moja, na katika sentensi inayofuata ikapanga namna ya kukifanya. Muhtasari unapoifanya sentensi jirani kuwa upuuzi, ujue kwamba kosa limo katika muhtasari.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba nawatetea watumiaji wa bwawa dhidi ya maofisa tu. Kule kule Mtera nilikutana na mkato wa pili, uliofanywa na upande wa pili. Kijana mmoja analima nyanya katika udongo unaoachwa wazi maji yanapopungua. Hupiga dawa za wadudu hatua chache kutoka majini, na mvua zikianza, maji hupanda na kulifunika shamba lake pamoja na mabaki ya dawa. Nilipomuuliza kuhusu mita 60 alinijibu kwa kujiamini: "Mwalimu, sheria inakataza vitu vya kudumu. Mimi nalima msimu mmoja, naondoka."

Naye pia hakusema uongo. Amekata tu. Amelibakiza sharti la kwanza na kulitupa la pili, pamoja na kile kiungo kidogo kilichoyaunganisha: "au". Sheria inakataza jambo likiwa la kudumu, au likiwa la kuhatarisha; moja kati ya hayo linatosha kukufunga. Kwa hiyo, ili uwe huru, ni lazima upite milango miwili kwa pamoja: jambo lako lisiwe la kudumu, na lisiwe la kuhatarisha. Angalia vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza. "Au" ya upande wa marufuku hugeuka kuwa "na" upande wa ruhusa. Anayeifuta anabomoa mlango mmoja. Shamba la nyanya lenye sumu, ambalo sheria ililikusudia hasa, limepita wazi.

Basi tazama matokeo. Kifungu ni kimoja na bwawa ni moja, lakini wakataji ni wawili. Wa kwanza amemtoza faini mwenye nyavu, ambaye sheria ilimwacha huru. Wa pili amemwacha huru mwenye sumu, ambaye sheria ilimkamata. Ukiwaunganisha, Mtera inatawaliwa na sheria iliyo kinyume cha ile iliyopitishwa na Bunge, ingawa hakuna aliyeandika neno jipya hata moja.

Upo mkato wa tatu, ambao ni wa kimyakimya zaidi. Nimewahi kuona muhtasari wa kifungu hiki, katika kijitabu cha mafunzo, ukisema kinahusu "bahari, maziwa ya asili na mito". Mwandishi aliona orodha ni ndefu, akaondoa mkia wake. Mkia huo ulikuwa mabwawa. Lakini Mtera si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa katika Mto Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji ya kuzalishia umeme, kwanza kwa ajili ya kituo cha Kidatu, na baadaye kwa mitambo yake yenyewe. Kwa kufuta neno moja la mwisho na kuliacha neno "asili", kijitabu kimelitoa bwawa zima nje ya sheria.

Nimeambiwa, na wenzangu wasomi tena, kwamba nakuza mambo. Husema: "Mwananchi hasomi kifungu kizima. Tangazo lazima liwe fupi." Nakubali sehemu ya pili, tangazo na liwe fupi. Ninachokataa ni dhana kwamba maneno yote yana uzito sawa, hivyo aliye na haraka anaweza kupunguza popote. Katika kanuni yapo maneno yanayotaja kitu, na yapo maneno yanayoelekeza kitu. "Bwawa" na "shughuli" hutaja. "Bila", "isipokuwa", "endapo", "mradi", "au" huelekeza, kama usukani wa mtumbwi: ni mdogo kuliko mtumbwi, lakini ukiuondoa huna tena safari ileile.

Na lugha yetu ina hatari yake ya pekee. Katika Kiswahili, ukanushi mara nyingi hauji kama neno linalojitegemea, ambalo jicho litaliona likikatwa. Hujificha ndani ya kitenzi, ukiwa silabi moja. "Shughuli zinazodhuru" na "shughuli zisizodhuru" hutofautiana katikati ya neno tu. Mhariri anayefupisha hafuti "si" kwa makusudi. Huisuka upya sentensi ili iwe nyepesi, na katika kusuka, "zisizo" inakuwa "zenye". Anayepitia baada yake haoni pengo lolote, kwa kuwa sentensi ni fasaha kabisa. Hatari hii imeongezeka tangu mwaka 2021, Bunge lilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama zetu. Hilo nililishangilia na bado nalishangilia. Lakini vifungu vingi vilitungwa kwanza kwa Kiingereza, na kila atafsiriye kwa kufupisha anabeba usukani mkononi.

Wanaosema nakuza mambo nawakumbusha jambo moja la historia yetu ya karibuni. Ibara ya 18 ya Katiba, inayohusu uhuru wa maoni, ilikuwa ikianza kwa sharti la kutoathiri sheria za nchi. Maneno sita tu: "Bila ya kuathiri sheria za nchi". Wapigania haki walilalamika miaka mingi kwamba maneno hayo yanatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mkono wa pili. Mwaka 2005, katika Mabadiliko ya Kumi na Nne ya Katiba, maneno hayo yaliondolewa. Ni kweli kwamba ibara ya 30 bado inaweka mipaka ya jumla, kwa hiyo uhuru huo haukuwa hauna ukingo. Lakini tafakari njia iliyotumika. Ili kuliondoa sharti moja, ulihitajika muswada, mjadala, na theluthi mbili ya kura bungeni. Hakuna aliyesema ni kufupisha tu. Wote walijua kwamba kuondoa sharti ni kutunga kanuni nyingine.

Nauliza sasa: kile kilichohitaji theluthi mbili ya Bunge, anakifanya kwa mamlaka gani mtu mwenye kalamu na gundi chini ya mbuyu?

Ufupi unawezekana bila uhalifu huu. Kata utangulizi, kata majina marefu ya sheria, kata visawe vinavyorudia wazo moja. Masharti yaache yalivyo. Kabla ya kubandika tangazo, waite watu watatu kichwani mwako: mwenye nyavu ya asubuhi, mwenye nyanya za dawa, na mwenye kujenga nyumba ukingoni. Waulize kwa sheria nzima, kisha waulize kwa tangazo lako. Jibu la mmoja wao likibadilika, tangazo lako si muhtasari. Kwa kifungu hiki, mimi ningeandika hivi:

"Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa, usijenge wala usiweke kitu cha kudumu. Hata shughuli ya muda mfupi ni marufuku ikielekea kuharibu ukingo au maji. Fuata mwongozo wowote uliotolewa na Waziri."

Ni sentensi tatu, zinatosha karatasi moja, na wote watatu watapata jibu lilelile ambalo sheria inawapa. Sijamaliza kila tatizo. Ukingo wa Mtera hautulii: maji ya bwawa huachwa yashuke kutoka mita 698.5 juu ya usawa wa bahari hadi 690, na kwenye ufuko ulio tambarare maji yakishuka mita moja ukingo unakwenda mbali. Hizo mita 60 zipimwe kutoka wapi, na mwezi gani? Swali kama hilo ndilo la kujibiwa na miongozo, yaani kile kipengele ambacho mkataji wetu alikitupa kwanza.

Nilimpelekea mjomba sentensi zangu tatu kwa simu. Aliomba asomewe mara mbili, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule jirani, faini yake itarudi?"